Nilichumbiwa kwa Sababu ya Soketi

Apa Farkhanda, dada yetu mkubwa wa gazetini,

Salaam aleikum. Nakuomba unishike mkono kabla sijarukwa na akili, na nakuomba sana usiandike jina langu, maana mtaani kwetu hapa Multan safu yako inasomwa na kila mtu, na wasiojua kusoma wanasomewa. Mimi ni binti wa miaka kumi na minane, nimemaliza mitihani ya sekondari kwa alama nzuri, alhamdulillahi, na hivi ninavyokuandikia nimeshachumbiwa, na kilichonichumbisha ni soketi ya umeme. Usicheke, Apa, kwanza nisikilize.

Tangu utotoni nataka kuwa daktari wa mifugo, niwatibu nyati wetu wa maziwa. Chuo ninachokitaka kiko mbali, saa tano kwa basi, na maombi yao yanapokelewa mtandaoni tu, huwezi kupeleka karatasi, huwezi kumtuma mjomba. Mwisho ulikuwa Jumatano tarehe kumi, saa sita kasoro dakika moja usiku. Najua utaniuliza nilikuwa wapi wiki tatu zote tovuti ilipokuwa wazi, na mimi nitakwambia ukweli, nilikuwa napigwa picha, kwa sababu picha lazima iwe na rangi ya buluu nyuma na isizidi kilobaiti hamsini, na Mama alizikataa zote, ya kwanza akasema nimenuna, ya pili akasema nacheka kama mtoto asiye na wazazi, ya tatu akasema mimi niko sawa ila mtandio umekaa kihuni, hivyo mpaka picha ya tano inapita tulikuwa tumefika Jumanne.

Sasa mgao wetu unajulikana, saa nzima umeme upo, saa nzima haupo, tumezoea, tunapanga hata kuoga kwa ratiba hiyo. Jumatano ile ulikatika saa mbili usiku nikajua saa tatu utarudi, nikakaa na kompyuta mapajani nikiusubiri kama mtu anayesubiri adhana ya magharibi siku ya saumu, maana kompyuta yetu betri yake ilikufa zamani, ukichomoa waya inazimika papo hapo. Saa tatu kamili ukarudi kweli. Joto lilikuwa la kupikia mkate, mtaa mzima ukawasha feni, vipoza hewa na pampu za maji kwa mpigo mmoja, na transfoma ya kona ikapiga dhum! Ikatema cheche, ikanyamaza, na fundi cherehani wa jirani akapaza sauti gizani, "Imekwenda hiyo! Tukutane kesho!"

Baba na wanaume wengine wakatoka kwenda kumtafuta fundi wa laini. Nyumbani tuna betri ya akiba inayoendesha taa moja na feni moja, na feni hiyo, Apa, ni ya Bibi.

Nikamwambia, "Bibi, nizime feni dakika ishirini tu, nichomeke kompyuta."

"Nife mimi ili wewe ukatibu nyati?"

"Hutakufa, Bibi."

"Kumbe umeshakuwa daktari?"

Tukabishana hapo, yeye ananitajia watu wote wa ukoo waliokufa kwa joto, mimi namtajia dakika zinavyokwenda, na tukiwa bado tunabishana betri ikalia piii ndefu, ikazimika yenyewe, tukakosa wote. Nikajaribu kwa simu, lakini tovuti ya chuo ukiifungua kwa simu kitufe cha kupakia nyaraka hakionekani, na mtandao nao ulikuwa unatambaa, kwa sababu umeme ukikatika mnara wa simu unabaki kwenye betri zake na watu wote wa mtaa wanahamia simuni kulalamika.

Saa nne na nusu. Nikatoka mlangoni, na nikaona taa ya varanda ya baba mdogo Ilyas inawaka.

Hapa lazima nikueleze jambo la aibu. Nyumba ya baba mdogo inatazamana na yetu, hatua sita tu, ukipiga chafya kwetu wao wanakuombea rehema, lakini ilikuwa imetimia miaka minne hatusemezani. Waya wa hospitali unapita upande wao wa uchochoro, na waya wa hospitali hauingii kwenye mgao, basi baba mdogo akangoja mchana wa Ijumaa wanaume wote wakiwa msikitini, akamwita fundi wa vichochoroni, akajiunganishia. Baba alikasirika mpaka akaziba dirisha letu la mbele kwa matofali, na si kwa sababu ndugu yake alijiunganishia, Apa, ni kwa sababu hakumwambia naye ajiunganishie. Tangu hapo wale wanaacha taa ya varanda inawaka mchana kutwa ili tuione, na sisi tunapita tukiangalia chini.

Mama aliniona nimesimama na kompyuta kifuani, akasema, "Baba yako hayupo. Mimi niko jikoni, sioni kitu." Nikavuka.

Mama mdogo Nusrat akafungua mlango, mikono kiunoni. "Miaka minne! Leo ndiyo umekumbuka mlango uko wapi?"

"Mama mdogo, shikamoo, naomba soketi."

"Wenzako wanakuja kwa mama zao kuomba dua, wewe unaomba soketi!" Lakini akanipitisha, akanikalisha kando ya friji.

Nikaunganisha kompyuta kwenye Wi-Fi yao nikafungua tovuti, na kwa kuwa nilikaa muda mrefu bila kugusa kitu ilikuwa imeshanitoa, inataka niingie upya, na kuingia upya wanatuma namba ya tarakimu sita kwenye simu, na namba hiyo inaishi dakika tano tu. Nyumba ya baba mdogo ina kuta nene, simu haishiki humo ndani hata kidogo, inashika juu ya paa peke yake. Basi mama mdogo akamwita mwanawe Saqlain, ambaye ana miaka ishirini na miwili na anafuga njiwa, akachukua simu yangu akapanda juu. Watu wote walikuwa juu ya mapaa, na vitanda vya kamba, wakijipepea kwa mikeka kwa joto. Saqlain akaanza kunisomea kwa sauti, "Nne! Saba! Tisa!" na jirani wa paa la pili akadhani sisikii, akarudia, na wa paa la tatu akarudia, na bibi mmoja wa mwisho kabisa akauliza, "Nne saba nini? Kafa nani?" Mpaka Saqlain amemaliza kumhakikishia kwamba hakuna aliyekufa, namba ilikuwa imekufa. Nikaomba nyingine, haikuja. Nikaomba ya tatu, zikaja zote mbili pamoja, Saqlain akanisomea ya zamani, ikakataliwa, akanisomea mpya na mtaa mzima ukiitikia kama wanaimba kasida, nikaingia. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tisa.

Kila kitu nilikuwa nimeshajaza siku za nyuma, alama, kozi, cheti cha ukaazi, ilibaki risiti ya benki tu kuipakia. Na soketi ile ililegea, Apa, plagi ilikuwa inachomoka yenyewe, ikabidi niikandamize kwa mkono wa kushoto na nibonyeze kwa wa kulia, nikiachia tu kompyuta inakufa. Mstari wa kupakia ukaanza kutembea, asilimia kumi, asilimia thelathini. Ndipo mama mdogo akaja na sahani ya laddu, vile vidonge vitamu vya unga na sukari, akasimama juu yangu, akaweka kidole kwenye swichi ya soketi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimechoka na ugomvi huu. Nimekuwa nakuangalia tangu mdogo. Uwe mke wa Saqlain, binamu kwa binamu kama desturi yetu, ukoo urudi kuwa mmoja. Sema ndiyo."

"Mama mdogo, imefika asilimia sitini!"

"Sema ndiyo ifike mia."

"Mama mdogo, ninyi wazazi ndio mnaozungumza mambo hayo, mimi..."

Nikasikia swichi inalia tik kidogo, haijazimwa bado, ila kidole kimeegemea. Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti, akaniambia nirudie, nikarudia, na kwa kuwa mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini akanijaza laddu zima mdomoni, na wewe unajua kwetu posa ikishatiwa utamu mdomoni imekubaliwa. Saa sita kasoro dakika mbili yakatokea maandishi ya kijani, "Taarifa zako zimehifadhiwa." Nikaachia plagi nikalia kwa furaha, na mama mdogo akawaita majirani waje waone bibi harusi anavyolia.

Alfajiri sinia za laddu zilikuwa zimeshazunguka mtaa. Baba alirudi bila fundi wa laini, akamkuta ndugu yake anamsubiri uchochoroni na machozi, wakakumbatiana, Apa, miaka minne, hata mimi nilitokwa na machozi. Kabla ya adhuhuri baba mdogo alikuwa amevusha waya mpaka kwetu, Bibi ana feni mchana na usiku, anasema, "Saqlain ni kijana mzuri, na upepo wake ni mzuri." Na mchana huo huo Alhamisi chuo kikatangaza kwamba kwa sababu ya umeme kukatika sehemu nyingi na tovuti kuelemewa, mwisho umesogezwa mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata, tarehe kumi na tisa, saa kumi na moja jioni. Nilicheka mpaka Mama akanimwagia maji.

Nilimfuata Saqlain kwenye njiwa wake nikamuuliza kama yeye ananitaka. Akasema, "Mimi nilikuwa juu nasoma namba. Nimeshuka nikakuta nina mchumba." Nikamwambia amwambie mama yake. Akasema, "Mwambie wewe, mimi nakaa naye nyumba moja." Na mama mdogo naye anasema chuo cha nini tena, daktari wa nyati atapata wapi muda wa kupika, tena umeme tunao. Pete wanataka kunivisha Jumapili ya tarehe ishirini na moja.

Nifanye nini, Apa? Nikikataa, waya unakatwa, tunarudi kwenye mgao na ile transfoma iliyofungwafungwa tu, Bibi anakosa feni, Baba anampoteza ndugu yake mara ya pili, na mtaa mzima umekula laddu. Nikikubali, sisomi. Angalau maombi yangu yalifika, hilo namshukuru Mungu. Ile namba ya maombi wanayosema utatumiwa bado haijaja kwenye simu, nadhani ni mtandao wetu, lakini tovuti iko sawa kabisa, jana niliingia nikarekebisha jina la Baba lililokuwa limekosewa herufi moja, ikanikubalia bila tabu.

Ni mimi mdogo wako,
Binti wa Hatua Sita

*

Apa Farkhanda anajibu:

Binti yangu, waleikum salaam. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, na ya jamaa zako nimeyabadilisha, maana uliyamwaga yote mpaka la jogoo. Barua yako nimeipandisha juu ya barua nyingine arobaini, na wenyewe wanisamehe, sababu mtaiona.

Nianze na lile unalodhani ndilo kubwa. Pole. Mtu mzima kukuwekea kidole kwenye swichi ni jambo la kuchekesha likisimuliwa na la kuumiza likikupata, na shangazi, mama mdogo au yeyote aliyefanya hivyo anapaswa kujionea haya. Ndiyo iliyotolewa kwa asilimia sitini si ndiyo. Laddu alilotiwa mtu mikono ikiwa imebanwa si posa, ni chakula. Wewe hujafunga ndoa, hujavaa pete, hujatia sahihi popote. Hata ndoa yenyewe haisihi binti asiporidhia, sembuse uchumba wa kando ya friji. Kwa hiyo acha kujihesabu mke wa mtu.

Lakini na wewe, binti! Wiki tatu mnachagua picha? Karani wa chuo anataka kujua kama uso ni wako, hatafuti mkwe. Na umekaa siku zote hizi unamwaza Bibi na feni, hujamwambia baba yako hata neno moja. Unadhani analia kwa furaha ya harusi yako? Analia kwa sababu amempata ndugu yake. Mwambie leo, Mama akiwepo, kilichotokea kwenye soketi ile, neno kwa neno kama ulivyoniandikia mimi. Mwambie pia kwamba hutaki kumrudisha kwenye ugomvi. Waliokumbatiana wameshakumbatiana, hawatafumuliwa na binti kusema anataka kusoma, na wakifumuliwa kwa hilo basi hawakuwa wamepatana, walikuwa wamebadilishana wewe kwa waya.

Saqlain, najua na wewe unasoma hapa. Una miaka ishirini na miwili, una sauti iliyosikika mapaa manne. Shuka huko kwenye njiwa umwambie mama yako hukuulizwa. Binti wa watu hawezi kukusemea.

Na huo waya. Nashangaa ukoo mzima umegombana miaka minne juu ya nani aambiwe, na hakuna hata mmoja aliyeuliza waya ni wa nani. Ni wa hospitali! Haukatwi kwa sababu kuna watoto njiti kwenye vyumba vya joto na kuna mtu tumbo limefunguliwa mezani. Kila nyumba inayojining'iniza pale inawapunguzia hao. Usikae kumhurumia Bibi kwa feni isiyokuwa yake. Baba yako na baba yako mdogo, kwa kuwa sasa wanasemezana, waukate wenyewe, kisha waende pamoja kuidai transfoma mpya. Watu wawili wakidai wanasikilizwa zaidi ya mmoja.

Sasa sikiliza vizuri, maana hayo yote yangeweza kungoja na hili haliwezi.

Maombi yako hayajafika.

Nimeisoma barua yako mara tatu, nikampigia simu mpwa wangu aliyeomba chuo hicho hicho, tukaifungua tovuti pamoja. Maandishi ya kijani uliyoyaona yanasema taarifa *zimehifadhiwa*. Yanatokea kila unapomaliza ukurasa. Baada ya ukurasa wa risiti kuna ukurasa mwingine mmoja wa mwisho, unaonyesha yote uliyojaza, chini yake kuna kisanduku cha kukiri kwamba uliyoandika ni kweli, na chini ya kisanduku kuna kitufe kinachosema *Wasilisha*. Hicho hukukigusa, ulikuwa unatafuna. Ukishakibonyeza ndipo inatoka namba ya maombi, na hapo fomu inafungwa, huwezi tena kubadilisha hata nukta. Wewe umesahihisha jina la baba yako bila tabu. Fomu iliyofika haisahihishwi, binti yangu.

Ningekupigia simu, hukuweka namba. Ningekutumia mtu, hukuweka anwani. Kwa hiyo nimebaki na ukurasa huu tu. Leo ni Alhamisi tarehe kumi na nane. Mwisho ni kesho saa kumi na moja jioni, na ukinisubiri kesho utakuta nusu ya nchi iko kwenye tovuti hiyo hiyo na transfoma yenu imepiga tena.

Nenda leo, asubuhi hii, saa ya umeme wenu wenyewe, au nenda kwenye duka la kompyuta la sokoni lenye jenereta. Usivuke uchochoro. Simu ichaji kwanza, ukae mahali inaposhika, ili namba ya tarakimu sita uisome mwenyewe. Ingia, nenda ukurasa wa mwisho, weka alama kwenye kisanduku, bonyeza *Wasilisha*, na usiinuke mpaka uone namba ya maombi kwa macho yako. Iandike kwenye karatasi. Chapisha fomu, nakala mbili, moja mpe baba yako aishike mkononi wakati unamweleza habari ya laddu.

Mengine tutayaongea ukiwa na hiyo karatasi. Na kama umefika mstari huu na bado umekaa, mimi na wewe tumegombana. Inuka!